Vijiko viwili vya sukari, kwa vikombe vitano

*Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 54, ni fundi cherehani hapa Tanga. Mwaka huu nimegundulika na kisukari cha aina ya pili, na ninatumia metformini na glibenklamidi. Nimepunguza ugali mpaka umebaki kiasi cha ngumi yangu, wali ninakula mara moja kwa wiki, na chapati nimeacha kabisa. Hata hivyo, juzi nilipopima kabla ya kula chochote ilisoma 9.4, na kliniki wananiuliza nimekula nini. Sukari ninatia kwenye chai tu, vijiko viwili, na hivyo ndivyo nilivyomjibu daktari. Alfajiri ninakunywa chai ya maziwa, saa nne ninanunua ya mama ntilie jirani na kibanda changu, mchana na alasiri ninakunywa chai ya rangi niliyobeba kwenye chupa, na usiku ninakunywa ya tangawizi kabla ya kulala. Nyumbani tuko wanne na kilo ya sukari hutufikisha siku nne. Je, vijiko viwili vinaweza kunidhuru hivyo? Na nikihamia kwenye asali, nitakuwa salama?*

*Mama wa Cherehani, Tanga*

Mama yangu, shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kitu cha kwanza kilichonishika ni jibu ulilompa daktari. Hukumdanganya, lakini ninahofu kwamba kila mmoja wenu alielewa jambo lake. Wewe ulimaanisha vijiko viwili kwa kikombe, naye huenda aliandika kwenye kadi yako vijiko viwili kwa siku, kisha akaenda kutafuta kosa kwenye ugali, kwenye dawa au kwenye uaminifu wako. Ninalishughulikia jambo hili kila wiki, na ninakuomba kuanzia leo uache kuihesabu sukari kwa kikombe. Ihesabu kwa siku nzima, na uihesabu kwa gramu, kwa sababu neno "kijiko" halina uzito mmoja.

Tuanze na kijiko chenyewe. Sukari nyeupe ya dukani ni kabohaidreti tupu. Ndani yake hakuna mafuta, protini wala nyuzinyuzi, kwa hiyo gramu moja ya sukari ni gramu moja ya kile ambacho kliniki nyingi hukiita wanga. Kijiko cha chai cha kipimo, kikijazwa kisha kikasawazishwa juu kwa kisu, hubeba takriban gramu 4. Wazee wetu waliopima nafaka kwa pishi walikiita kipimo cha namna hiyo mfuto, na nitalitumia neno hilo humu ndani, kwa kuwa tofauti ya mfuto na kilichofurika ndiyo inayokuponyoka. Karibu hakuna mtu anayetia sukari ya mfuto kwenye chai yake. Tunazamisha kijiko kwenye kopo, tunakinyanyua kikiwa na kilima juu yake, na kilima hicho ni sukari pia.

Mwezi uliopita alikaa mbele ya meza yangu mama mmoja wa rika lako ambaye naye alisema vijiko viwili. Nilimpa kopo la sukari na kijiko, nikamwekea bakuli juu ya mizani ndogo ya jikoni, nikamwomba atie kama anavyotia kwake wakati hakuna mtu anayemtazama. Kijiko cha kwanza kilisoma gramu 7, cha pili 8, cha tatu 7. Kisha nikachukua kijiko kilekile, nikakipitisha chini ya ukingo wa kisu, na mizani ikasoma 4. Yule mama alinyamaza kidogo, akauliza kama mizani ni mizima. Ilikuwa mizima. Kilichokuwa kinamhadaa ni kwamba mkono wake, kwa miaka mingi, ulikuwa ukitia karibu vijiko vinne vya mfuto huku mdomo ukihesabu viwili.

Huna haja ya kununua mizani ili ukijue kijiko chako. Nunua dukani robo kilo ya sukari iliyopimwa mbele yako, uimimine kwenye bakuli kavu, uchukue kijiko kilekile kinachokaa kwenye kopo lenu, kisha uihamishie kwenye bakuli la pili kijiko kwa kijiko kama unavyotia kwenye chai, bila kujibana kwa sababu unajipima. Hesabu vijiko mpaka bakuli la kwanza liishe, halafu ugawanye 250 kwa idadi uliyopata. Ukipata vijiko 62, kijiko chako kina gramu 4, na wewe ni mtu wa mfuto. Ukipata 36, kina karibu gramu 7. Ukipata 25, kina gramu 10, na hapo ninakuomba ukiangalie kijiko chenyewe vizuri, kwa sababu nyumba nyingi huacha kijiko cha mezani kwenye kopo la sukari na kukiita cha chai. Fanya jaribio hili kwa sukari iliyo katika hali mnayoitumia siku zote. Huko kwenu pwani sukari huvuta unyevu, hushikamana, na sukari iliyoshikamana husimamisha kilima kirefu zaidi kuliko ile kavu inayoporomoka.

Mpaka utakapofanya jaribio hilo, nitachukua gramu 7 kwa kijiko chako, kwa kuwa ndicho kiasi ninachokutana nacho mara nyingi. Chai yako ya alfajiri ina vijiko viwili, yaani gramu 14. Kwa kuwa ni ya maziwa, ongeza na sukari ya asili iliyo ndani ya maziwa yenyewe, inayoitwa laktosi. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 za laktosi katika kila mililita 100, kwa hiyo kikombe cha mililita 250 ambacho nusu yake ni maziwa kina gramu 6 hivi. Kikombe cha alfajiri, basi, kimefika gramu 20 kabla hujagusa kitafunwa. Majani ya chai na maji hayaongezi kitu cha kuhesabika.

Kikombe cha saa nne ndicho kinachonisumbua zaidi, kwa sababu si wewe unayetia sukari yake. Mama ntilie wengi huchemsha chai na sukari ndani ya sufuria moja, na wanunuzi huipenda ikiwa tamu. Muulize jirani yako, kwa upole na bila kumlaumu, anatia sukari kiasi gani kwenye chai ya kiasi gani. Tuseme anatia robo kilo kwenye lita tatu. Lita tatu ni vikombe 12 vya mililita 250, na 250 ukigawanya kwa 12 ni gramu 21 kwa kila kikombe, hata kama wewe hukuongeza kijiko. Ukimkuta anatia zaidi au pungufu, hesabu ni hiyo hiyo: gramu za sukari kwa idadi ya vikombe vinavyotoka kwenye sufuria.

Mchana na alasiri ni chai ya rangi ya chupa, gramu 14 kila kimoja, na ya tangawizi ya usiku ni 14 nyingine. Ukijumlisha sukari peke yake, yaani 14 za alfajiri, 21 za mama ntilie, na 14 mara tatu, unapata gramu 77. Ukiongeza zile 6 za maziwa, vikombe vyako vitano vimebeba gramu 83 za kabohaidreti. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida wa slesi huwa na takriban gramu 15, kwa hiyo umekuwa ukinywa zaidi ya vipande vitano vya mkate kila siku, juu ya chakula ambacho umekipunguza kwa taabu kubwa. Ule ugali ulioubana mpaka ukawa kiasi cha ngumi ulikuwa unarudishwa na kikombe, kidogo kidogo, tangu alfajiri mpaka usiku.

Huenda ukaniambia kwamba nimekukisia vibaya, kwamba kijiko chako ni kidogo kuliko ninavyodhani. Ushahidi wa pili umeuandika mwenyewe kwenye barua. Kilo moja kwa siku nne ni gramu 250 kwa siku, na mkiwa wanne ni gramu 62 na ushei kwa kila mtu, bila kuhesabu chai ya saa nne ambayo sukari yake haitoki kwenye kopo lenu. Vikombe vyako vinne vya nyumbani, kwa hesabu yangu, vinakula 56. Sehemu fulani ya ile kilo bila shaka inaingia kwenye uji au maandazi, na pengine wenzako wanatia zaidi au pungufu kuliko wewe, lakini hesabu mbili zilizofanywa kwa njia tofauti zimekaribiana mno, na ndiyo sababu ninaziamini. Kwa msomaji mwingine yeyote, hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote: andika kwa penseli kwenye mfuko wa sukari tarehe mliyoufungua, kisha uhesabu siku unazodumu.

Ili ujue gramu 77 zinasimama wapi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 inaweza kuleta manufaa zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50 na asilimia 5 ni gramu 25. Laktosi ya maziwa haimo kwenye kikomo hicho, na ndiyo maana sitakuambia uache maziwa. Tunaihesabu tu kwa sababu wewe una kisukari na mwili wako unaiona. Tena huo ni mwongozo wa watu wote, wakiwemo wasio na ugonjwa.

Sasa nieleze kwa nini sukari ya kikombe inakusumbua kuliko gramu zilezile zikiwa kwenye maharage. Sukari iliyoyeyuka kwenye maji ya moto haina kitu cha kutafunwa wala nyuzinyuzi za kuichelewesha. Ikifika kwenye utumbo mwembamba, inagawanywa upesi kuwa glukosi na fruktosi, na glukosi huingia kwenye damu ndani ya dakika chache, ikaendelea kupanda kwa nusu saa hadi saa nzima. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini huishusha bila yeye kuhisi lolote. Kwako wewe, insulini inachelewa au haifanyi kazi yake sawasawa, kwa hiyo huenda ikachukua saa mbili, tatu au zaidi kabla kiwango hakijarudi kilipoanzia. Sasa tazama saa zako: alfajiri, saa nne, mchana, alasiri, usiku. Kila kikombe kinakuja wakati kile kilichotangulia hakijamaliza kushuka, na siku yako nzima inakuwa mteremko usiofika chini.

Kuhusu ile 9.4, hapa ninapaswa kusema kwa uangalifu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula hakionyeshi chai vizuri, kwa sababu usiku ini lako lenyewe humimina glukosi kwenye damu, na kwa wenye kisukari cha aina ya pili mara nyingi humimina kupita kiasi. Kikombe cha tangawizi kabla ya kulala kinakuingiza usiku ukiwa tayari uko juu, lakini sitakuahidi kwamba ukikiondoa, asubuhi utasoma 6. Kama unataka kuiona chai kwa macho yako, tumia stripu nne tu. Siku moja pima kabla ya chai ya alfajiri, kunywa na kula kama kawaida yako, kisha pima tena saa mbili baada ya kuanza kunywa. Siku inayofuata kula kitafunwa kilekile kwa kiasi kilekile, lakini chai iwe haina sukari, upime saa zilezile. Linganisha kupanda kwa siku ya kwanza na kupanda kwa siku ya pili. Usiangalie namba ya mwisho peke yake, kwa kuwa huenda ulianza juu zaidi siku mojawapo. Athari ya jumla itaonekana kwenye kipimo kinachoandikwa HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Omba kliniki wakifanye kama hawajakifanya karibuni.

Umeuliza kuhusu asali. Ninafahamu ni kiasi gani tunaithamini, na siisemi vibaya, lakini kwa jambo hili haitakuokoa. Asali ni nzito kuliko sukari, hivyo kijiko cha chai cha asali kina uzito wa gramu 7 hivi, na karibu gramu 6 kati ya hizo ni kabohaidreti. Kijiko kwa kijiko cha mfuto, asali inakupa zaidi ya sukari. Sukari ya kahawia na sukari guru nazo karibu zote ni sukari ileile yenye rangi na harufu tofauti. Vidonge vidogo vya utamu visivyo na sukari havina kabohaidreti ya kuhesabika na vinaweza kukuvusha kipindi cha mpito, ingawa mimi ninapendelea ulimi uzoee utamu mdogo, kwa sababu ulimi uliozoea hausumbui hata ukialikwa mahali pasipo na vidonge.

Kabla ya kukueleza namna ya kupunguza, ninakuomba usiache sukari yote kwa siku moja. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini iwe umekula au hukula, na dozi yako huenda ilipangwa juu ya vipimo vilivyokuwa vinapandishwa na chai hii hii. Ukiondoa gramu 70 ghafla na dozi ikabaki pale pale, unaweza kushuka mno. Kwa hiyo wapigie au wafikie kliniki kwanza, uwaambie kwa maneno haya haya: nimekuwa nikinywa takriban gramu 77 za sukari kwenye chai kwa siku, na ninataka kuishusha ifike 16. Namba hizo zitawasaidia kuamua kuhusu dawa kuliko neno "nimepunguza". Na asubuhi ambayo umemeza glibenklamidi, usiruke kifungua kinywa kwa kudhani unaisaidia dawa.

Wakikubali, anza na jambo lisiloumiza: endelea na vijiko viwili vyako, ila viwe vya mfuto. Weka kisu kando ya kopo, au usawazishe kwa ukingo wa mfuniko. Vikombe vinne vya nyumbani vitashuka kutoka gramu 56 hadi 32, na hujapunguza hata kijiko kimoja. Wiki hiyo hiyo mwombe mama ntilie akuchotee chai kabla hajatia sukari, utie mwenyewe viwili vya mfuto. Kama hawezi, beba chupa kubwa zaidi kutoka nyumbani. Kikombe cha saa nne kitatoka 21 hadi 8, na siku yako yote itakuwa na gramu 40. Wiki mbili baadaye, ondoa sukari kabisa kwenye kikombe cha usiku, ubaki na 32. Mwisho, kwa vikombe vinne vilivyobaki, shuka nusu kijiko kila wiki mpaka kila kimoja kiwe na kijiko kimoja cha mfuto, jumla gramu 16. Ninachagua usiku kiwe cha kwanza kukosa sukari kwa sababu tangawizi ina ukali wake unaojitosheleza, na kwa sababu chai hiyo inaingia tumboni wakati cherehani imefunikwa na mwili umetulia.

Kuna sababu moja ya sukari nyingi ambayo watu hawaitaji, nayo ni namna tunavyopika chai. Majani yakichemka muda mrefu, au chai ikikaa kwenye chupa pamoja na majani yake tangu alfajiri, hutoa ukakasi mkali unaokausha ulimi, na mkono unakimbilia kopo la sukari ili kuuzima. Chai yako ya mchana na alasiri imekaa saa nyingi, na ninashuku ndiyo inayodai vile vijiko viwili. Chemsha maji kwanza pamoja na iliki, mdalasini, tangawizi au mchaichai mpaka harufu itoke, kisha tia majani machache, uache kwa dakika tatu hivi, uepue na kuichuja kabisa kabla ya kuimimina kwenye chupa. Viungo hivyo kwa kiasi cha chai haviongezi kabohaidreti ya kuhesabika. Utakuta kijiko kimoja kinatosha chai iliyochujwa mapema, wakati ile iliyokaa na majani haikutosheka kwa viwili.

Wageni watakuja, na najua kwenu chai humiminwa ikiwa na sukari tayari. Pika bila sukari, upeleke kopo mezani pamoja na kijiko. Mgeni atatia apendavyo, nawe utabaki na kipimo chako bila kumweleza mtu habari za ugonjwa wako kama hutaki.

Katika kipindi hiki cha kushuka, pima mara nyingi zaidi kidogo kuliko ulivyozoea, hasa kabla ya kula mchana na kabla ya kulala. Dalili za sukari iliyoshuka ni jasho la ghafla, kutetemeka mikono, moyo kwenda mbio, njaa kali, na kuchanganyikiwa. Fundi cherehani huenda akaanza kuiona anapokosa kuingiza uzi kwenye sindano. Ukipima ukakuta chini ya 4, au ukiwa na dalili hizo na huna mashine karibu, unahitaji gramu 15 hivi za sukari upesi, yaani vijiko vinne vya mfuto, vikorogwe kwenye nusu glasi ya maji na kunywewa mara moja. Usitumie chai ya maziwa kwa kazi hiyo, kwa sababu ikiwa ya moto huwezi kuinywa haraka, na mafuta ya maziwa huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Subiri dakika 15, upime tena, na kama bado iko chini urudie. Ikishapanda, kula kitu. Waambie pia majirani wa kibandani kwamba wakikukuta huwezi kumeza au hujitambui, wasikumiminie chochote mdomoni, wakukimbize hospitali.

Kwa hiyo pima leo jioni vijiko vinne vya mfuto, uvifunge kwenye kijimfuko cha nailoni, uandike juu yake "gramu 16", na ukiweke kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini. Sukari hiyo isiingie kwenye chai hata siku ambayo kopo la nyumbani limeisha.